Utani wa Mwenye Bucha

Mji mzima wa Migori ulimwita mwenye bucha, na mimi niliyelala naye kitanda kimoja nilimwita hivyo hivyo. Jina lake nalijua, ila sitaki kulitia mdomoni. Mdomo wenyewe aliuvunja yeye, na hilo nitalifikia. Alizaliwa wapi, ukoo gani, baba yake alikuwa nani, hayo waulizwe watu wa kwao. Mimi nitasema niliyoyaona nikiwa nyuma ya kaunta yake, nimejifunga leso, nimeshika kitambaa cha kufutia mzani.

Alikuwa fundi, sitamnyima haki yake. Mabucha mengi ya Migori wakati ule yalikuwa yanakatakata nyama kwa shoka mpaka unapata vipande vya mifupa kwenye mchuzi. Yeye alitumia kisu. Alijua pa kupitisha ncha kwenye kiungo, paja likaachana na nyonga bila kelele. Alichinja mwenyewe alfajiri kule machinjioni, na hakukubali ng'ombe aone kisu. Alikificha nyuma ya mgongo, akamsemesha mnyama kwa sauti ya chini, akamshika shika shingoni, kisha akafanya kazi yake mara moja. Siku moja alimkuta mchungaji wa ng'ombe wa mnada akimchapa fahali aliyekuwa ameanguka. Alimnyang'anya mtu yule fimbo na kumpiga nayo mpaka ikakatika, halafu akampiga kwa ngumi. Mtu yule alitema jino. Watu walisema mwenye bucha ana huruma. Nami nilisema hivyo.

Tulikuwa Wasabato. Ijumaa jua likielekea kuzama aliosha gogo la kukatia nyama kwa chumvi na maji moto, akafunga, na mpaka Jumamosi jioni hakuna aliyeweza kumshawishi auze hata figo. Kanisani aliimba sauti ya nne, ile nzito. Ukimwona amesimama pale na tai yake, macho yamefumbwa, ungedhani malaika amekuja Migori kwa shughuli. Ibada ikiisha, alisimama mlangoni kusalimia akina mama. Mikono ya wanaume aliiachia upesi. Ya wanawake aliishikilia, akaigeuza kiganja juu, akasema, "Huu mkono umenona. Mzee anakulisha nini?" Nao walicheka, na wazee wa kanisa walicheka, na mimi nikiwa kando yake na Biblia mbili kwapani, yangu na yake.

Hapo ndipo pa kuanzia. Hakuwa na siri. Wanaume wengine wanajificha, wanatuma salamu kwa mafundi baiskeli, wanasema wanaenda mnadani Lambwe kumbe wamelala mtaa wa pili. Yeye kila kitu alifanya mbele yangu, na huko kuwa mbele yangu ndiko kulikuwa ngao yake. "Mimi ningekuwa na kitu na huyo mama, ningemwambia hapa ukisikia? Tumia akili, Nyar Masara." Nyar Masara ndilo jina nililoitwa pale mjini, binti wa Masara, kwa sababu kwetu ni kule kwenye machimbo ya dhahabu. Nilitumia akili. Akili iliniambia kwamba ana haki, na tumbo liliniambia kitu kingine, na kwa muda mrefu niliisikiliza akili.

Basi mwanamke akija kununua, yeye hakuweka nyama kwenye mzani kwanza. Aliiweka kwenye kiganja, akaipiga piga taratibu, akasema, "Hii ni laini kama wewe, yuora, shemeji yangu. Nikupe ya hapa ama ya hapa?" na kwa ncha ya kisu akaonyesha, si kwenye nyama, bali hewani, karibu na kiuno cha mama wa watu. Halafu akageuza shingo. Maneno alimwambia yule mwanamke lakini macho aliyaleta kwangu. Ilinichukua muda kuliona hilo, maana mtu anayetukanwa huangalia chini.

Nikinyamaza, aliwaambia wateja, "Mmeona? Amenuna. Leo nitalala buchani." Nikicheka, alipanda ngazi nyingine juu, "Ameruhusu! Mke wangu ameruhusu! Yuora, leta nguo zako." Nikisema basi, acha, ilikuwa ndiyo furaha yake hasa. Aliweka kisu chini, akajishika kichwa, akalia kama mfiwa. "Jameni, huyu bibi ana wivu! Ataniua! Kila mwanamke akinunua maini anataka kumpigia nduru." Bucha zima liliangua kicheko. Hakukuwa na njia ya nne. Nilizitafuta zote.

Na siku ambazo kicheko kilikuwa kidogo, alinitoa mimi kuwa kitoweo. "Mnashangaa ninawapenda wanene? Mimi mchana nauza nyama, usiku naenda kutafuna mifupa." Nilikuwa mwembamba, ndiyo. Wanaume waliokuwa wakingoja mishikaki walinitazama kutoka juu hadi chini kuthibitisha. Jioni nilipomlaumu alishangaa kwa moyo wake wote. "Lakini watu walicheka! Wewe ndiye pekee hukucheka. Sasa kati ya watu wote wale na wewe, nani ana shida?"

Wale wanawake siwalaumu sana. Wengi walicheka kwa sababu kucheka kulikuwa rahisi kuliko kugomba na mtu aliyeshika kisu na nyama yako. Alikuwako mwalimu mmoja wa shule ya msingi, mama wa makamo, ambaye siku ya kwanza tu alimwambia, "Nipimie nyama, wachana na mwili wangu." Mwenye bucha alisema, "Samahani, mwalimu," akapima, akamfungia kwa gazeti safi, na tangu siku ile alimwamkia kwa adabu kama mama mkwe. Kwa hiyo aliweza kuacha. Alijua breki iko wapi.

Nilipowashtakia wazee, walinijibu kwa desturi. Sisi Wajaluo tuna watu wa kutaniana. Mke wa ndugu yako, mdogo wa mke wako, huyo ni yuora, shemeji, na unaweza kumwita mke wako mbele ya mume wake na wote mkacheka, kwa kuwa kila mtu anajua mpaka ulipo. "Mwanamume wako ni mtu wa utani," mzee mmoja aliniambia. "Afadhali huyo kuliko mkimya." Lakini mwenye bucha aliichukua ruhusa ya mashemeji akaitandika juu ya kila mwanamke aliyepita barabarani. Muuza nyanya, yuora. Mke wa polisi, yuora. Msichana wa benki aliyekuja juzi kutoka Kisii, ambaye hata Kijaluo hasikii, yuora. Na mpaka, nani aliuona?

Palikuwa na mama mmoja aliyetuoshea matumbo nyuma ya bucha. Aliyachemshia maji kwenye pipa, akayasugua mpaka yakawa meupe. Hakuwa msemaji. Niliporudi kutoka Masara baada ya kumuuguza baba yangu kwa juma zima, nilimuuliza kwa uchungu, "Sasa huyu bwana alipata wake wangapi nilipokuwa sipo?"

Alikamua matumbo, akayatundika. "Hakuna."

"Hakuna vipi?"

"Hasemi kitu. Ukienda, anapima nyama, anachukua pesa, anasikiliza redio. Wanawake wenyewe wanauliza kama ni mgonjwa." Kisha akaniangalia usoni. "Hiyo maneno yote ni yako, Nyar Masara. Hao wengine ni njia tu ya kupitia."

Nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Afadhali angeniambia ana hawara. Hawara ni mtu, unaweza kumwendea ukamshika nywele. Huyu hakuwa akiwatamani wale wanawake hata kidogo. Alichokuwa akikitafuta ni uso wangu, aone ukibadilika, kama vile alivyomtazama ng'ombe shingoni kutafuta mshipa.

Ndipo nikafanya jaribio. Sikulifanya kwa ubaya, nilitaka tu kujua kama utani una mlango upande wa pili. Alikuwako mfanyabiashara wa ng'ombe, Mkuria mrefu, mpole, aliyetuletea mafahali. Siku hiyo bucha lilikuwa limejaa. Aliponipa mkono niliushikilia, nikageuza kiganja juu, nikasema maneno yale yale, kwa sauti ile ile, "Huu mkono umenona. Bibi anakulisha nini?" Watu wakaangua kicheko. Mkuria akaona haya, akacheka naye. Na mwenye bucha akacheka kuliko wote. Alipiga gogo kwa kiganja. "Ameniweza! Leo ameniweza!" Nilimtazama nikafurahi kabisa, nikadhani sasa tumeelewana, kwamba kumbe tulikuwa tunacheza mchezo mmoja siku zote na mimi ndiye nilikuwa sijui zamu yangu.

Alifunga mapema. Nyumbani alivua koti lake jeupe, akalikunja vizuri, akaliweka kitini. Kisha akanipiga ngumi moja ya taya, upande wa kushoto. Nilisikia mlio ndani ya kichwa kabla ya maumivu. Nilipokuwa chini alinikanyaga mbavu, akaniinua kwa nywele, akanigonga ukutani, na wakati wote huo alikuwa akinieleza, kwa upole wa mtu anayefundisha. "Mimi nikitania, watu wanajua ni utani. Wewe ukitania, watu wanajua ni malaya. Umeelewa tofauti?" Mdomo ulikuwa umekaa mahali pengine.

Alinipeleka hospitalini mwenyewe, amenibeba mikononi. Daktari alipouliza kilichotokea, mwenye bucha alisema, "Alikuwa na maneno mengi, nikampunguzia." Daktari alicheka. Wallahi alicheka, akaendelea kukata waya wa kunifunga meno. Hapo nilijifunza kwamba utani wake ulikuwa na nguvu kuliko damu, maana damu ilikuwa imetapakaa kifuani pangu na bado mtu aliona cha kuchekea.

Lakini nisipoandika linalofuata nitakuwa nimedanganya. Siku zote taya lilipokuwa limefungwa, alinipikia supu ya mifupa ya uboho, akaichuja kwa kitambaa, akaninywesha kwa mrija, na alilia. Machozi yalimdondoka kwenye bakuli. Alisema, "Ni hasira tu, mama. Nakupenda mpaka napotea." Na nilimwamini. Mwanamke mwenye njaa anamwamini anayeshika mrija.

Taya liliungana, vibaya kidogo. Nikarudi kwenye kaunta, naye akarudi kwenye utani, ila sasa alikuwa na kipya, "Huyu wangu amefungwa breki, mwageni salamu!" Nilifuta mzani. Mzaha mzaha hutumbuka usaha, na usaha wetu ulikuwa umeiva.

Mama yangu mzazi alifariki zamani. Baba alioa mke mdogo kutoka Lambwe, mwanamke wa umri kama wangu, mrembo, mpole. Mimi nilimjua kutoka siku zile za kumuuguza baba. Mwenye bucha hakumjua kwa sura, na sababu ni desturi hiyo hiyo yetu. Mke wa baba mkwe, awe mdogo namna gani, kwako ni maro, mama mkwe. Humkaribii. Hamlali nyumba moja, hamli pamoja, hamshikani mikono, na mkikutana njiani mmoja anachepuka. Shemeji unamtania hadi mbavu ziume. Maro unamheshimu hadi kivuli chake. Ukilivunja hilo, watu wetu wanaita chira, laana inayomkondesha mtu na watoto wake. Yaani kadiri alivyomheshimu ndivyo alivyokosa kumjua.

Mama mdogo huyu alikuja asubuhi moja kuniletea habari kwamba baba amezidiwa tena. Alielekezwa bucha, na kwa adabu yake hakuingia. Alisimama ng'ambo ya mtaro karibu na nguzo, amejitanda kitambaa, akamtuma mama wa matumbo aniite. Nilikuwa nyuma naosha ndoo. Nilipotoka, mwenye bucha alikuwa ameshamwona. Alikuwa ametoka nje na kisu chake, mikono ina damu hadi kwenye viwiko, anamzunguka.

"Yuora! Umesimama huko juani kwa nini? Hii nyama nzuri hivi nani ameiacha bila kufunika?"

Niliruka mtaro. "Acha! Huyo ni mama yangu!"

Aligeuka, akaniangalia kwa furaha kubwa. Sijawahi kumwona amefurahi namna ile. Akawageukia wateja walioanza kujaa mlangoni. "Mmesikia? Leo amepata mpya! Kila mwanamke mrembo sasa ni mama yake!"

Walicheka. Nilipiga kelele, nilimtaja baba yangu, nilitaja Lambwe, nilisema maro, maro, na kila nililosema liliongeza kicheko, kwa sababu alikuwa amewafundisha miaka yote kwamba nikilalamika ni wivu. Na alikuwa amejifundisha yeye mwenyewe. Aliunyosha mkono wake wa damu, akamshika mama yangu mdogo kiunoni, akambonyeza mahali nyama inapobonyezwa kuonwa kama ni laini. "Mama mkwe, karibu!" alisema.

Mama mdogo hakupiga kelele. Alikaa chini barabarani, akajifunika uso kwa kitambaa, akaanza kulia kilio cha msiba, na kwenye kilio kile alitaja jina la baba, na la baba wa baba. Hapo kicheko kilikufa. Mzee mmoja aliyekuwa amenunua utumbo aliuweka chini na kuondoka bila kuuchukua. Mwenye bucha alitazama alama ya vidole vyake vyekundu kwenye nguo ile. Kisha, kama kawaida, akaniangalia mimi.

"Ulikuwa unasema kweli?" aliniuliza.

Kaka zangu walikuja kesho yake saa nne asubuhi. Watu wa Masara hawabebi rungu, wanabeba nyundo za kupondea mawe ya dhahabu. Wawili walimkamata, wa tatu akaufungua mkono wa kulia juu ya gogo, kiganja chini, mahali pale pale alipokuwa akikatia nyama. Nyundo ilishuka, ikapanda, ikashuka tena. Nilisikia mlio ule ule niliousikia ndani ya kichwa changu. Alipoanguka walimpiga mateke ya uso mpaka jicho likafunga, wakavunja kioo cha kabati la nyama, wakaondoka na kuniacha pale. Hawakuja kwa ajili yangu, walikuja kwa ajili ya mke wa baba.

Walipopotea kwenye kona, aliinuka. Mkono wa kulia ulikuwa unaning'inia. Kwa wa kushoto alichomoa chuma cha kunolea visu kwenye ndoano. "Ulimleta wewe," alisema. "Ulipanga." Pigo la kwanza nililizuia kwa mkono, la pili likanipata begani, la tatu mgongoni, nikaanguka kati ya vioo. Mlangoni walijaa watu, wateja wetu wale wale. Niliwaita kwa majina. Mmoja alisema, na bado nasikia sauti yake, "Tuwaache, mambo ya mtu na bibi yake." Chuma kilikuwa juu tena, na nilikuwa naona kabisa kwamba hili litatua kichwani na mimi nitakuwa nimekufa kwenye sakafu ya bucha.

Mama wa matumbo aliingia na sufuria la maji yaliyokuwa yakichemka kwenye pipa. Hakukimbia, hakupiga nduru. Alimmwagia yote mgongoni.

Kilio kile sitakieleza. Ngozi ilitoka na shati. Mama wa matumbo aliniinua kwa kwapa, akanitoa nje, akawaambia wale watu, "Pisheni," wakapisha. Hakurudi tena kwenye kazi ile. Kisu cha mwenye bucha alikikanyaga akipita na hakukiangalia.

Kesi ilisikilizwa Masara kwa baba, nilikokuwa nimekimbilia, mgongo wa mwenye bucha ulipopona. Alileta mbuzi dume mweupe wa kuosha chira, kama alivyotakiwa, na kaka zangu ndio waliomchinja, yeye fundi amekaa anatazama wanavyomtesa mnyama kwa kisu kibutu. Nilimwona akikunja uso kwa ajili ya mbuzi. Alipopewa nafasi, alisema lile neno lake. "Wazee, ulikuwa utani tu. Hakuna ubaya uliokusudiwa."

Baba alikuwa mgonjwa, ameegemea mto. Alisema, "Utani ni chakula cha wote. Sema tena hapa yale maneno uliyomwambia mke wangu, nasi tucheke."

Mwenye bucha alifungua mdomo. Akaufunga. Akawatazama wazee mmoja mmoja akitafuta atakayemsaidia kwa tabasamu, hakupata.

Nilidhani nimeshinda. Lakini waliponyunyiza walichonyunyiza na kula walichokula, baba alinigeukia. "Imekwisha. Mambo ya maro yameoshwa. Kesho rudi na mume wako." Wazee waliitikia. Kaka zangu, wenye nyundo, waliitikia. Mwenye bucha aliinamisha kichwa kwa unyenyekevu, na kutoka pembeni nikaona jicho lake moja likija taratibu kuutafuta uso wangu.

Hapo ikasikika sauti kutoka nyuma ya ukuta wa jikoni. Mama mdogo asingeweza kukaa chumba kimoja na mkwe wake, basi alisema akiwa huko huko. "Mimi alinishika kiuno kwa mkono mmoja, mmechinja mbuzi. Huyu mtoto alivunjwa taya, akapigwa chuma. Mbuzi wake yuko wapi?"

Hakuna mwanamke aliyewahi kusema katika kikao kile. Wazee walitazama ukuta. Baba alifumba macho, na alipoyafumbua hakurudia lile la kesho. Alisema tu, "Msichana akae." Siku ya tatu nilikwenda Homa Bay kwa mama yangu mkubwa, dada wa marehemu mama, mwenye kukaanga samaki karibu na gati.

Miaka ilipita huko. Nilijifunza kupaa samaki, kujua mbuta wa jana na wa leo kwa kubonyeza jicho. Wateja wangu walinitania na mimi niliwatania, nikagundua kwamba napenda utani sana, wa kweli, ule ambao mtu akisema basi inakuwa basi. Mama mkubwa alipozeeka meza ikawa yangu.

Siku moja ya soko, mchana, nikamwona anakuja kati ya watu. Alikuwa amenenepa. Vidole viwili vya mkono wa kulia havikunyooka. Nyuma yake, akibeba kikapu, alikuwako msichana mwembamba ambaye hakufika hata umri niliokuwa nao mimi nilipoolewa. Nilishika meza.

Alinitambua. Alisimama, akapanua mikono, na sauti ile ya nne ikasikika hadi kwa wauza omena. "Yuora! Kumbe ulikuja kujificha huku na utamu wote huu!" Aliokota samaki mmoja mezani, akamlaza kwenye kiganja, akampiga piga. "Nani anakula hii siku hizi?"

Kisha akageuza shingo.

Sasa nilikuwa nimesimama upande ule mwingine, na nililiona jambo zima kwa mara ya kwanza. Aliponisemesha, hakuwa akinitazama hata kidogo. Macho yalikuwa yamekwenda kwa yule msichana, yanangoja. Na msichana alicheka, kicheko kidogo, cha haraka, huku ameinua bega kidogo upande wa kushoto kama mtu anayejua upande ngumi inakotokea. Wauza samaki wa jirani nao walikuwa wameanza kutabasamu.

Nilimpita mwenye bucha. Nilifuta mikono kwenye leso, nikasimama mbele ya msichana.

"Mdogo wangu," nilisema, "mimi nilikuwa mke wake kabla yako. Nilikuwa nacheka hivyo hivyo. Leta mkono." Nilimshika mkono, nikauweka kwenye taya langu, pale mfupa ulipoungana vibaya na kuacha donge. "Gusa. Huu ni utani wake."

Vidole vyake vilikuwa baridi. Vilitembea juu ya donge, vikarudi, vikatembea tena.

"Ah, huyu mama!" mwenye bucha alisema, akiwageukia wauzaji. "Bado ana wivu! Mpaka leo!" Alicheka peke yake. Wale waliokuwa wakitabasamu walikuwa wakitazama vidole vya msichana. Alimshika msichana mkono kumvuta. "Twende. Ni mzaha tu."

Msichana hakusogea. Alikuwa ameacha kucheka, na mkono wake bado ulikuwa usoni pangu.

"Unakaa wapi?" aliniuliza, kwa sauti ya chini sana.

Ningeweza kumnong'oneza. Nilimwambia kwa sauti kubwa, njia, kona, rangi ya mlango, na jina la jirani wa kuuliza, ili mwenye bucha naye asikie kwamba sijifichi.